Mkono uliokatwa na msumeno: usubiri nyumbani, uombe kazi nyepesi, au urudi mashineni kwa saa chache?

Maamuzi mengi mabaya ya kurudi kazini baada ya kukatwa vidole hufanywa katika wiki ya nne. Nyuzi za ngozi zimetolewa, kidonda kimefunga, maumivu yamepungua, na hela nyumbani imeanza kupungua pia. Bosi anapiga simu kukujulia hali, na kabla hajakata anauliza utarudi lini. Fundi anautazama mkono, anauona umepona, anajibu: "Jumatatu nipo." Kumbe ndani ya kidole, kano iliyoshonwa haiwezi bado hata kushika ndoo ya maji.

Nitalinganisha njia tatu za kurudi kazini kwa jeraha moja tu, yaani kano za kukunjia vidole zilizokatwa na msumeno wa meza. Nimelichagua kwa sababu karakana za samani huliona mara kwa mara, na kwa sababu hapa kosa la wiki moja linaweza kumrudisha mtu chumba cha upasuaji. Mgongo ulioteguka au mguu uliovunjika una kalenda nyingine, na nitaugusa kidogo tu.

Mfano wetu ni fundi wa karakana moja pale Keko, Dar es Salaam. Anatumia mkono wa kulia, na kushoto ndiko kulikokuwa kukisukuma mbao. Msumeno ulimkata upande wa kiganja kwenye kidole cha shahada na cha kati, kano zikakatika, na mshipa mmoja wa fahamu wa kidole cha shahada ukaenda nao. Alishonwa siku iliyofuata. Mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na mwajiri amemsajili na kumchangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Kano ina kalenda yake

Katika kidole, kano mbili za kukunjia hupita pamoja ndani ya njia nyembamba sana. Zikishonwa, kwa wiki tatu za mwanzo kinachoshikilia ni uzi wa daktari. Ncha za kano zenyewe hulainika kwanza kabla ya kuanza kushikana, kwa hiyo siku ya kumi kano inaweza kuwa dhaifu kuliko siku ya kwanza. Hatari ya kukatika tena ni kubwa zaidi ndani ya wiki sita. Kuanzia hapo mkono unaweza kuanza kushika vitu vyepesi, na kazi nzito kwa kawaida husubiri wiki ya kumi na mbili.

Lakini ukiuacha mkono umelala wiki zote hizo, kovu litaigandisha kano kwenye kuta za njia yake na kidole hakitakunja tena. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi tiba huanza kukisogeza kidole siku chache tu baada ya upasuaji, ndani ya splinti inayokizuia kunyooka kupita kiasi. Mgonjwa hupewa mazoezi mafupi ya kurudia mara nyingi kwa siku, na splinti hukaa mkononi mchana na usiku kwa wiki nne hadi sita, kadiri daktari alivyoshona na alivyoelekeza.

Kwa hiyo unalinda mkono dhidi ya hatari mbili zinazovutana: kano kukatika na kano kunata. Njia yoyote ya kurudi kazini utakayoichagua, ipime kwa hizo mbili kwanza, halafu ndiyo ufike kwenye pesa.

Kukaa nyumbani mpaka upone kabisa

Wengi huiona hii kuwa njia salama. Kwa wiki tatu za kwanza nakubaliana nao kabisa. Kano iko katika udhaifu wake mkubwa, dawa kali za maumivu zinaweza kukupa kizunguzungu, kidonda hakitaki vumbi la mbao, na kliniki inakuita mara kwa mara. Hakuna kazi ya karakanani inayostahili kuingia hapo.

Baada ya wiki hizo swali hubadilika, kwa sababu nyumbani si mahali pa kupumzikia kwa kila mtu. Kuna ndoo za kubeba, mtoto anayetaka kunyanyuliwa, mkaa, nguo za kufua. Kano zinazokatika tena mara nyingi hukatika katika mambo madogo ya namna hiyo, pale mtu anapojisahau akadaka kitu kinachoanguka. Tena hakuna saa ya kazi wala anayekuuliza umefanya mazoezi mara ngapi leo, na siku hupita bila mkono kusogezwa inavyotakiwa.

Jambo la pili ni hofu. Fundi wetu akisikia mlio wa msumeno kwa jirani, moyo unamwenda mbio. Usiku anauona mkono wake ukienda kwenye meno ya msumeno. Kwa wiki za mwanzo hilo ni jambo la kawaida kwa aliyepata ajali mbaya. Likiendelea zaidi ya mwezi mmoja, akawa halali, anakwepa hata kupita njia ya karakana, au anashtuka kwa kila mlio, anahitaji mtu wa afya ya akili na asingoje kidole kipone kwanza. Kukaa miezi mitatu bila kuiona karakana humpa nafuu ya leo, ila hofu hukua kadiri anavyoikwepa.

Pesa sasa. Tanzania Bara, WCF hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, kwa muda usiozidi miezi 24. Fundi wetu akiwa nyumbani atapata shilingi 420,000 kwa mwezi, pungufu ya 180,000. Matibabu na utengamao, yaani mazoezi tiba na vifaa vyake, ni mafao yanayojitegemea na hayakatwi humo. Kwa msomaji wa Kenya hesabu ni nyingine: sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini, ile inayoitwa WIBA, inampa aliyeumia malipo sawa na mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Mfanyakazi wa Nairobi aliyekatiwa bima ipasavyo hana shinikizo lile la asilimia 30 la kumrudisha mapema, na anaweza kusikiliza mkono wake kwa utulivu zaidi. Wa Dar es Salaam analiona pengo hilo kila mwisho wa mwezi, na ndilo linalomsukuma kusema "Jumatatu nipo."

Mafundi wengi hulipwa kwa kipande, na mapato yao halisi hayako kwenye karatasi yoyote. Kama ni wewe, kusanya mapema kila kinachoonyesha ulicholipwa: hati za mshahara, miamala ya simu, daftari la karakana. Asilimia 70 ya mshahara ulioandikwa kidogo ni hela kidogo.

Kurudi mapema kwenye kazi nyepesi

Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa fundi wetu kuanzia mwisho wa wiki ya tatu au ya nne, kwa sharti moja zito: kazi yenyewe iandikwe. Maneno "apewe kazi nyepesi" kwenye cheti cha daktari hayamlindi mtu. Msimamizi ataamka asubuhi na tafsiri yake ya wepesi, na kufikia saa nne atasikika akiita, "Fundi, njoo unishikie tu hii mbao huku nyuma." Mbao inayotoka kwenye msumeno huruka na kuvuta. Anayeishika huibana kwa nguvu bila kufikiri, na kubana ndiko hasa kunakokata kano.

Karatasi inayofaa hueleza matendo. Kwa wiki ya nne hadi ya sita ya fundi wetu ningetaka iseme hivi:

"Mkono wa kushoto hautumiki kwa kazi yoyote, hata kushikilia karatasi hapana. Splinti haivuliwi kazini. Afanye kazi za mkono wa kulia akiwa amekaa, mkono wa kushoto ukiwa juu ya meza au mto. Asikae ndani ya eneo la mashine zinazozunguka. Apewe nafasi ya kufanya mazoezi kila saa. Saa nne kwa siku, siku tatu kwa wiki, na ruhusa ya kwenda kliniki. Itapitiwa upya tarehe fulani."

Tarehe ya kupitia upya isisahaulike. Karatasi isiyo nayo huwa ya milele au huwa ya wiki moja, kutegemea nani ana haraka.

Hilo la kukaa na kuinua mkono lina sababu. Mkono unaoning'inia huvimba, na uvimbe ukikaa hugeuka ugumu wa viungo. Waajiri wengi, kwa nia njema kabisa, humpeleka aliyeumia mkono kulinda geti, na huko anazunguka siku nzima mkono ukiwa chini. Jioni vidole vimejaa na mazoezi yanauma maradufu. Kufagia nako huitwa kazi nyepesi, ingawa fagio linataka mikono miwili. Kupaka vanishi huloanisha splinti na kumwagia kemikali juu ya ngozi mpya. Zinazofaa kweli pale karakanani ni kuandika orodha ya vipande vya kukata, kupokea oda na kupigia wateja simu, kutunza daftari la mbao na vitasa, kukagua kwa macho kazi iliyokamilika, na kumwelekeza mwanafunzi kwa mdomo.

Kisha kuna safari yenyewe. Daladala likijaa, utashika bomba kwa mkono mzima, dereva akifunga breki utadaka kwa mkono mbovu kabla hujajua umefanya nini. Nyuma ya bodaboda ni hivyo hivyo. Saa nne za kazi salama hazina maana zikifungwa na safari mbili za namna hiyo, kwa hiyo omba kuingia saa nne asubuhi na kutoka saa nane mchana, magari yakiwa na viti. Mwajiri akishindwa hilo, na nyumbani ni mbali, mimi ningemwambia fundi abaki nyumbani mpaka splinti itoke.

Kwa upande wa hofu, njia hii inatoa kitu ambacho nyumbani hakipo. Fundi anausikia msumeno kwa mbali akiwa amekaa mahali salama, kila siku kidogo. Wenzake walioiona damu siku ile nao wanamwona yuko hai na anacheka. Wao pia walipata mshtuko, na mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Pesa za njia hii zijadiliwe kabla ya siku ya kwanza, kwa maandishi. Anayefanya kazi saa 12 kwa wiki analipwa nini na mwajiri, na malipo ya WCF yanaendeleaje? Mwajiri na aliyeumia waipeleke hali hiyo kwenye Mfuko wenyewe kabla ya kuanza. Kukaa kimya, mtu akalipwa kama asiyefanya kazi huku anaonekana karakanani, humletea matatizo baadaye hata kama hakukusudia udanganyifu.

Kuna hofu nyingine ninayoisikia sana: "Nikirudi mapema watasema nimepona, fidia itapotea." Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa kiasi ambacho kiungo kimepoteza uwezo, baada ya hali yake kutulia. WCF hulipa kwa mkupuo ukiwa asilimia 30 au chini yake, na hulipa pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo. Kidole kisichokunja kitaonekana hakikunji hata kama mwenyewe alikuwa akiandika daftari la oda tangu wiki ya nne.

Kurudi kwenye kazi yako ileile kwa saa chache

Kwa kano iliyoshonwa, njia hii ifutwe kabisa kabla ya wiki ya kumi na mbili. Msukumo mmoja wa mbao wa sekunde mbili unatosha kukata kilichoshonwa, na saa hazihusiki hapo. Kupunguza saa humsaidia mtu ambaye tatizo lake ni kuchoka, kama aliyegongwa kichwa na akili inachoka haraka, au aliyeugua mgongo na anaweza kila tendo ila si kwa siku nzima. Kwa hao ningeiweka mbele ya nyingine zote. Kwa mkono wetu inafaa mwishoni, kama daraja la kuvukia kurudi mashineni.

Naisema kwa ukali kwa sababu ndiyo inayotolewa mara nyingi zaidi. Mwajiri anaiona rahisi, maana hahitaji kubuni kazi mpya, na fundi anaiona ya heshima kuliko kukaa mezani na daftari.

Namna ya kujua mambo yameharibika

Kano ikikatika tena, mara nyingi mtu husikia kitu kimeachia ghafla, na ncha ya kidole iliyokuwa ikikunja jana leo haikunji. Wakati mwingine hakuna maumivu makubwa, na hapo ndipo watu hujidanganya. Jaribio la kliniki ni hili: mtaalamu anakirudisha kifundo cha mkono nyuma taratibu, vidole vyenye kano nzima hujikunja vyenyewe kidogo, na kile kilichokatika hubaki kimenyooka. Usilifanye nyumbani ukiwa ndani ya wiki za splinti. Ukihisi kimeachia, acha mazoezi, vaa splinti, na uende kwa daktari aliyekushona siku hiyohiyo. Kushona upya ndani ya siku chache kunawezekana. Baada ya wiki kadhaa inakuwa upasuaji mkubwa zaidi, wakati mwingine wa hatua mbili.

Kunata huja polepole. Kidole ukikikunja kwa mkono mwingine kinakunja vizuri, ila chenyewe kikijaribu kinaishia njiani, na kila wiki kinabaki palepale. Hicho kinahitaji mazoezi zaidi na pengine upasuaji wa kuiachia kano miezi kadhaa baadaye. Kumwambia mgonjwa huyu "pumzisha mkono" ni kumwongezea tatizo lake.

Kurudi kwenye msumeno

Tukiendelea na fundi wetu, splinti ilitoka mchana mwisho wa wiki ya sita. Wiki ya sita hadi ya nane mkono wa kushoto uliruhusiwa kushika kalamu, karatasi, futi kamba na kikombe cha chai. Kuanzia ya nane alianza mazoezi ya kuongeza nguvu na kupiga msasa kwa mkono kwenye vipande vidogo. Saa zikapanda hadi sita kwa siku. Wiki ya kumi na mbili aliruhusiwa kubeba mbao, na mashine zikabaki nje ya orodha.

Msumeno huja mwisho, na vitu vitatu huangaliwa kabla. Nguvu ya kushika hupimwa kwa kipimo cha mkononi na kulinganishwa na mkono wa pili. Hisia nayo hupimwa, kwa sababu mshipa wa fahamu ulioshonwa huota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo ncha ya kidole cha shahada inaweza kubaki na ganzi kwa miezi, na kidole chenye ganzi hakijui kiko karibu na meno kiasi gani. La tatu ni mashine yenyewe. Ina kinga juu ya meno? Ina kisu cha nyuma kinachozuia mbao kubana na kurushwa? Kuna kijiti cha kusukumia, au mikono bado ndiyo inayosukuma? Karakana iliyomrudisha mtu kwenye msumeno uleule, wazi vilevile, haijamrudisha kazini salama hata kama kidole kinakunja kikamilifu. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wa kuulizwa hapa, na mfanyakazi ana haki ya kuuliza.

Hofu nayo hupandishwa ngazi: kusimama karibu na mashine ikiwa imezimwa, kisha ikiwashwa na mwingine, kisha kukata kipande kifupi na msimamizi pembeni. Akitetemeka, anarudi ngazi moja. Mkono unaotetemeka mbele ya meno ni hatari sawa na mkono usio na nguvu.

Wapo watakaofika mwezi wa sita au zaidi na kidole bado ni kigumu, kina ganzi, au moyo umekataa kabisa. Hapo ndipo kuhamishwa kazi moja kwa moja kunafaa kujadiliwa, wala si wiki ya tano ambapo hakuna anayejua mkono utaishia wapi. Usisaini mkataba mpya wenye mshahara mdogo ukiwa bado na splinti. Tanzania Bara, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kuumia, aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au nyingine kupatikana, na zinamtaka ajitahidi zaidi pale mtu alipoumia akiwa kazini kwake. Mwajiri akimwachisha bila kufanya hivyo, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Karatasi zile za kazi nyepesi, zenye tarehe na sahihi, ndizo zitakazoonyesha nani alijaribu na nani hakujaribu.